Sentimita Kumi na Nane

Nyumbani kwetu nafasi nyeupe ni dhambi. Sisemi kwa utani. Baba yangu, Huzefa Fidahussein, ana duka la uchapaji hapa Mbeya mjini, alilorithi kwa baba yake, na tangu nipate akili sijawahi kumsikia akikemea uongo kwa ukali anaokemea pambizo pana. Karatasi inatoka kiwandani Mgololo, anasema, inapakiwa kwenye lori, inapanda milima, inashushwa kwa mikono ya watu, halafu wewe Afroz unaiacha tupu? Kwa hiyo nilijifunza kubana. Kalenda za makanisa, mitihani ya shule, kadi za harusi, vyote nilivibana mpaka mwisho wa karatasi, na baba akanisifu kwa wateja kwamba binti yake ana mkono wa babu yake.

Kalenda zilipoanza kupungua wateja, nilimshawishi tufungue tovuti. Tukaiita Jarida la Nyanda. Tuliweka habari ndefu za watu wa huku: wakulima wa chai wa Tukuyu, wapasua mbao wa Mafinga, wavuna mpunga wa Usangu. Baba alikubali kwa sharti moja. Kazi yoyote ya duka letu haitoki bila prufu, yaani nakala ya majaribio iliyochapwa kwenye karatasi, na prufu haipiti bila sahihi yake. Tovuti nayo ni kazi ya duka. Basi kila habari kabla sijaiweka hewani niliichapa kwenye karatasi za A4, nikampelekea mezani, akaipitia kwa miwani yake na rula, akatia sahihi kwenye kona ya juu kulia. Mtu mwingine angecheka. Mimi niliona ni utaratibu.

Violet Budeba alikuja mwishoni mwa Februari, mvua ikinyesha, na habari yake ameihifadhi kwenye simu na nakala nyingine kwenye flashi aliyoivaa shingoni. Ni mwandishi wa kujitegemea, mtoto wa Rujewa. Babu yake alihamia Usangu na ng'ombe kutoka Usukumani zamani, na watu bado wanawaita wageni. Aliketi kwenye boksi la rimu za karatasi akanieleza yote kwa sauti ya chini, na ninayaeleza hapa kwa sababu kila kitu kinasimama juu ya hayo.

Baba yake, mzee Budeba Ngolo, alikuwa gerezani Iringa. Mlinzi wa ghala la mpunga aliuawa kwenye vurugu Rujewa, jioni moja miaka minne iliyopita, na mashahidi wawili walisema walimwona Budeba pale. Mahakama Kuu ilimfunga miaka thelathini kwa kuua bila kukusudia. Alikuwa na miaka hamsini na minne alipohukumiwa. Hesabu hiyo kila mtu anaweza kuifanya mwenyewe.

Yeye alisema, na hakuacha kusema, kwamba jioni ile alikuwa mbali, kwenye barabara kuu, akitoka kuuza ng'ombe. Alikuta lori limeharibika. Dereva alikuwa peke yake, jeki imeteleza ikamponda kiganja, na mwenzake amekwenda kutafuta fundi. Budeba alichana kipande cha shuka lake akamfunga mkono, akakaa naye saa mbili asiibiwe wala asizimie. Hawakuulizana majina. Dereva alikuwa akimtajataja mama yake wa Kilolo kila maumivu yalipozidi. Mwenzake aliporudi, mzee akaendelea na safari. Mahakamani waliicheka habari hiyo. Dereva asiye na jina, lori lisilo na namba.

"Rufaa inasikilizwa tarehe kumi na nane mwezi ujao, Iringa," Violet alisema. "Wakili anasema huko juu wanaweza kupokea ushahidi mpya, wakiona sababu ya kutosha. Huyo dereva akipatikana kabla ya hapo, baba anatoka. Asipopatikana, ndiyo mwisho. Hakuna mahakama nyingine juu yake."

Wakili alikuwa Rabson, kijana mwenye tahadhari nyingi. Alimkataza kuandika tangazo la kutafuta shahidi. Mkiweka juu kabisa kwamba mnamtafuta dereva aliyeumia mkono, alisema, watakuja kumi wenye makovu, na wa kweli akija wataambiwa amenunuliwa. Mwandike maisha ya mzee, na lori liwemo ndani kama lilivyokuwa. Mtu aliyekuwepo atajitambua mwenyewe. Kwa hiyo Violet aliandika maisha ya baba yake, maneno elfu saba, kuanzia ng'ombe wa babu, na lori likaingia kwenye aya ya thelathini na moja.

"Lazima wasome mpaka huko," aliniambia. "Dada Afroz, wasomeshe mpaka huko tu. Mengine niachie mimi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Niliipanga kesho yake asubuhi. Nilifanya nilivyofundishwa. Upana wa safu, sentimita kumi na nane, kama karatasi ya A4 ukishaondoa pambizo. Herufi, pointi tisa za kipimo cha wachapaji. Kutoka mstari hadi mstari, pointi kumi, yaani mistari imelaliana kiasi kwamba mkia wa herufi ya juu unakaribia kugusa kichwa cha herufi ya chini. Kati ya aya na aya hakuna nafasi, ila mstari wa kwanza umesogezwa ndani kidogo. Kingo zote mbili zimenyooshwa. Kila mstari ukabeba herufi mia moja na kumi na kitu. Niliichapa. Kurasa sita.

Baba aliipima kwa rula. "Maneno elfu saba kwa kurasa sita," akasema, akamwita Mathew, fundi wetu wa mashine ya kukatia, aje aone. "Hii ndiyo kazi." Akatia sahihi. Na mimi, nisifiche, nilijisikia vizuri siku nzima.

Sikuisoma. Hilo nalo niliseme mapema. Wapangaji hatusomi, tunapanga. Nilijua habari kwa alivyonisimulia Violet, nikaona inatosha.

Wiki ya kwanza ilifunguliwa mara elfu nne na mia mbili. Kwa jarida letu hiyo ilikuwa ajabu. Ilizunguka kwenye makundi ya simu ya madereva, ya vyama vya wafugaji, ya kwaya, ya watu wa Kilolo waishio mjini. Violet alinipigia kila asubuhi saa tatu kamili, na swali lilikuwa moja: kuna mtu amejitokeza? Tulikuwa tumeweka namba ya duka chini kabisa ya habari. Nilimjibu bado, halafu bado, halafu nikaanza kuchelewa kupokea simu.

Siku ya kumi na mbili nilifungua takwimu za tovuti, ambazo zinaonyesha mtu amekaa muda gani na ameteremka mpaka wapi. Tisa kati ya kumi walifungua kwa simu. Wengi walikaa chini ya dakika moja. Kati ya watu mia, tisini na saba hawakufika hata nusu. Nilidhani takwimu zimeharibika. Halafu nikadhani kile ambacho Violet alikuwa ameshaanza kukisema, kwamba watu hawajali mzee wa Kisukuma aliyefungwa, wanafungua kuona picha tu wanaondoka. Mawazo hayo yalinikasirisha na kunifariji kwa pamoja, maana yalinitoa lawamani.

Mchana ule nilimkuta Mathew ameketi nyuma ya mashine na chakula chake kimepoa. Alikuwa na simu mkononi, anasoma habari ya mzee Budeba. Kidole gumba kilikuwa kinasukuma maandishi kushoto, kisha kulia, kisha kushoto.

"Unafanya nini, Mathew?"

"Nasoma, dada. Habari nzuri kweli. Ila inanichosha." Akanionyesha. Safu yangu ya sentimita kumi na nane ilikuwa haiingii kwenye kioo cha simu. Aliona nusu ya mstari, akasukuma kuona nusu ya pili, akavuta kurudi kuanza mstari unaofuata. "Nikirudi huku sijui nilikuwa wapi. Huu hapa nimeusoma mara tatu. Nikipunguza ili uingie wote, herufi zinakuwa kama mchanga."

"Kwenye mipangilio ya simu kuna kukuza herufi."

"Nimekuza. Zikikua zinapandana."

Ni kweli, zilipandana. Nilikuwa nimeufunga mwachano wa mistari kwenye pointi kumi, na pointi kumi hazikui herufi zikikua. Nikamuuliza amefika wapi. Akasema yupo kwenye ng'ombe wa babu. Hiyo ilikuwa aya ya nne, na Mathew ni mtu anayesoma Biblia nzima kila mwaka.

Nilirudi kwenye kompyuta. Nikaifungua habari kwenye simu yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Naomba mnielewe: kwa mara ya kwanza. Tuliidhinisha kazi ya kioo kwa kuitazama kwenye karatasi, iliyoshikwa mkononi, chini ya taa nzuri, na mtu mwenye rula. Kwenye karatasi ilisomeka. Hakuna msomaji hata mmoja aliyekuwa na karatasi hiyo.

Nikaipanga upya. Niliacha sentimita nikatumia hesabu ya herufi zenyewe: safu isizidi herufi sitini na tano kwenye kioo kipana, na kioo kikiwa chembamba safu ijibane nacho, ibaki pambizo ndogo tu pembeni. Kwenye simu mstari ukawa na herufi kama arobaini. Mwanzoni nilihofu ni chache, lakini jicho lilikuwa linafika mwisho na kurudi bila kupotea, na hilo ndilo jicho linalotaka. Herufi nikaziacha za ukubwa ambao simu ya mtu imechagua. Mwachano wa mistari nikauweka mara moja na nusu ya herufi, na zaidi kidogo kwenye kioo kipana, kwa sababu mstari mrefu unahitaji njia pana ya kurudia. Na kwa kuwa sasa kipimo chake ni mara ya herufi na siyo pointi, herufi na mwachano vinakua pamoja. Kati ya aya na aya nikaweka nafasi inayotosha mstari mmoja, mtu apumue, ajue wazo moja limekwisha. Ukingo wa kulia nikauacha huru. Maneno yetu ni marefu, neno kama "hawakumsikiliza" likiwekwa kwenye safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote linaacha mashimo mstari mzima.

Halafu nikaisoma, kwenye simu, nimeegemea dirisha. Nilisoma mpaka lori. Niliposoma jinsi mzee alivyouma shuka kwa meno ili lichanike nililia, na wa kuliliwa hakuwa mzee peke yake.

Utaratibu ni utaratibu. Nilichapa prufu.

"Kurasa kumi na tisa," baba alisema. Alizihesabu mara ya pili. "Afroz, nini hii? Nusu ya karatasi tupu."

"Baba, watu wanaisoma kwenye simu. Kwenye simu hakuna kurasa."

"Kila kitu kina kurasa. Nani atasoma kurasa kumi na tisa? Sita hawasomi!"

"Sita hawasomi kwa sababu ni sita."

Akavua miwani, na nilijua kinachofuata. Alinikumbusha babu. Alinikumbusha kwamba jina lililopo juu ya mlango ni la babu, na kwamba mteja akiona kazi imepwaya hivi atasema binti wa Huzefa amekuwa mvivu. Hakupiga kelele. Alizirudisha zile kurasa kwenye bahasha bila sahihi, akaendelea na hesabu ya karatasi za mitihani.

Nina miaka thelathini na sita. Nywila za tovuti ninazo mimi peke yangu. Baba hajui hata zinaandikwa wapi. Ningeweza kurudi kwenye kiti changu nikabonyeza. Badala yake niliitia bahasha ile kwenye droo, nikajiambia nitamsubiri apoe, nitazungumza naye Ijumaa, nitazungumza naye baada ya kazi ya mitihani kwisha. Zikapita siku tisa. Siku tisa hizo watu waliendelea kufungua, mia, sabini, arobaini, wanasukuma kushoto na kulia, wanaondoka. Huko makundini habari iliteremka chini ya matangazo ya misiba na mechi. Kitu kikishapita kwenye makundi kimepita.

Jumatatu ya tarehe kumi na tano Violet hakupiga simu. Alikuja mwenyewe. Alikuwa ametoka Iringa, Jumamosi alikwenda kumwona baba yake, na midomo ilikuwa imempasuka kwa baridi.

"Watu elfu nne na zaidi wamesoma," alisema, "na hakuna hata mmoja. Madereva wamesoma. Watu wa Kilolo wamesoma. Unajua maana yake, dada? Maana yake huyo mtu hayupo."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Nimekwenda nimemuuliza. Nimemwambia, baba, tazama, dunia nzima imesoma, niambie mimi mwanao, kweli ulikuwa kule?" Akalamba midomo iliyopasuka. "Hakunijibu. Akaniuliza kama mpunga wa kwa mama umeota vizuri. Askari akasema muda umekwisha."

Nilitaka kumwambia hawakusoma. Hawakusoma, Violet, hawakuweza, mimi ndiye niliyewazuia. Sikusema hivyo. Nilimpa chai, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi, na kabla sijavua koti nikaiweka hewani ile mpya. Sikuchapa prufu. Baba alikuwa mbele anahudumia mteja wa kadi za mwaliko, na hakujua lolote.

Siku mbili zilizofuata walifungua watu sitini na mmoja. Arobaini walifika mwisho. Nilikaa naitazama ile arobaini, halafu nikaitazama simu ya duka. Haikulia. Waliofika mwisho hawakuwa watu wenye la kutupigia. Walikuwa mwalimu fulani, muuguzi fulani, watu wema wenye nafasi, na hakuna kati yao aliyewahi kupondwa na jeki barabarani.

Tarehe kumi na nane rufaa ikasikilizwa. Rabson hakuwa na shahidi wa kuomba apokelewe, alikuwa na hoja tu. Tarehe ishirini na nne hukumu ikasomwa, na rufaa ikatupwa. Violet aliandika mistari miwili kwenye ukurasa wake: baba ameshindwa, ahsanteni mliokuwa nasi. Akaweka tena kiungo cha habari. Huzuni ina miguu. Kufikia jioni ilikuwa imerudi kwenye makundi yote.

Kesho yake, saa tano asubuhi, simu ya duka ililia.

"Kamwene," mwanamume alisalimu kwa Kihehe. "Hapo ni kwa wale wenye habari ya mzee Budeba?"

"Ndiyo."

"Mimi naitwa Sedekia. Naendesha lori. Niko Kilolo hapa, nyumbani." Alikuwa anahema. "Dada, yule mtu ni mimi. Yule wa kwenye lori. Kovu ninalo, hili hapa, na kile kipande cha shuka lake mama alikifua akakiweka, kipo kwenye begi lake mpaka leo. Kina mistari myekundu na myeusi. Kwenye habari hamkuandika rangi, lakini muulizeni mzee, atawaambia. Na mwenzangu niliyekuwa naye yupo Makambako, ana gereji."

Nilivuta karatasi nikaanza kuandika. Baba aliinua kichwa.

"Niende wapi?" Sedekia aliuliza. "Nije Mbeya, niende Iringa? Nina gari leo. Niambie tu niende wapi, nimwone hakimu, nimwambie. Mimi sikujua, dada. Sikujua mzee wa watu amefungwa. Miaka minne nakula, nalala, sijui."

"Kaka Sedekia," nilisema, "hii habari umeiona leo?"

"Hapana. Niliona zamani, ilipotoka tu. Walituma kwenye kundi letu la madereva. Nikaanza. Nikasema hii ya ng'ombe inafanana na watu wa Usangu nawajua. Ila ilikuwa, sijui nisemeje, herufi ndogo halafu zinakimbia pembeni, unavuta, unavuta. Macho yaliniuma nikaiacha. Nikasema nitasoma siku nyingine. Jana wametuma tena, wamesema mzee ameshindwa, nikafungua, nikaona inasomeka. Nimesoma yote kwa mara moja, nimesimama mlangoni. Nilipofika kwenye jeki..."

Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwambia hukumu ilikuwa jana na kwamba juu ya mahakama ile hakuna nyingine. Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akasema atakuja hata hivyo, atakuja na shuka, na akakata.

Nikampigia Rabson. Kuna kuomba mapitio, alisema, mahakama ileile ijitazame upya. Lakini huko wanatazama kama wao wenyewe walikosea. Ushahidi mpya si sababu. Tunaweza kuandika barua ya kuomba msamaha wa Rais. Wanaandika wengi. Aliongea polepole, kama mtu anayesoma orodha ambayo hataki kuimaliza.

Baba alikuwa amesikia yote, duka letu ni dogo. Alikwenda kwenye droo yangu akatoa ile bahasha, akatoa kurasa kumi na tisa, akaziweka mezani na kuanza kuzisoma kutoka ya kwanza, bila rula. Alisoma karibu saa nzima. Mteja alipoingia, baba alimwambia tumefunga, na mlango ulikuwa wazi. Alipomaliza akasema, "Ile ya kurasa sita mimi niliisoma, Afroz. Ilisomeka." Alikuwa anasema kweli, na kweli hiyo haikumsaidia mtu. Akachukua kalamu, akaishika juu ya kona ya ukurasa wa kwanza, halafu akairudisha mfukoni.

Violet alifika saa tisa. Rabson alikuwa amekwisha kumweleza kuhusu Sedekia. Nilitegemea aje analia, nikawa nimeandaa kiti na maji, lakini alikuwa mkavu kabisa. Alibaki amesimama.

"Amesema alishindwa kuisoma mara ya kwanza," alisema. "Na safari hii akaweza."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Sikumficha chochote: sentimita, pointi, karatasi, ile ya Mathew, prufu ya pili, droo. Nilitumia maneno mengi mno. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu na hakuingilia.

"Kwa hiyo wale elfu nne hawakusoma."

"Hawakuweza."

"Na mimi nikaenda nikamwambia baba dunia nzima imesoma." Alitazama sakafu. "Uliibadilisha lini?"

"Tarehe kumi na tano."

"Ungeweza siku ya kwanza?"

"Ningeweza."

"Ni kazi kubwa? Ilikuchukua muda gani, kuibadilisha?"

Ningeweza kusema siku mbili. Asingejua. Hata nilimwona anavyotamani niseme siku mbili, au wiki, au kwamba ilibidi mtaalamu aje kutoka Dar.

"Dakika ishirini," nilisema.

Hapo ndipo alipokaa, kwenye boksi la rimu, palepale alipokaa mwezi uliopita, na akayanywa yale maji yote. Mathew alizima mashine. Violet alifuta mdomo kwa kiganja, akasimama, akaweka mkoba begani.

"Jumamosi nakwenda Iringa," alisema. "Tutakwenda wote. Mimi nina la kwangu la kumwomba msamaha. La kwako utalisema mwenyewe."

Nikasema nitakuja.